Baiskeli inalala kiasi gani kwenye kona? Digrii 27 zilizoniangusha

Kuna kona moja ya kushoto naipita mara mbili tatu kwa wiki, iko mwisho wa mteremko mfupi, na kwa muda mrefu nlikuwa naipita bila kufikiria chochote, unashuka, unaacha kupiga pedeli, unalaza baiskeli, unatokea upande wa pili basi. Afu siku moja nikaanguka. Lami ilikuwa kavu kabisa, hakukuwa na gari wala mtu mbele, ila kulikuwa na vumbi jembamba lililotandazwa na upepo katikati ya kona, lile ambalo ukiwa umekaa juu ya baiskeli wala hulioni. Tairi zote mbili zikaondoka kwa pamoja, nikateleza kwa nyonga na kiwiko. Kile kimeta cha spidi kilikuwa kimerekodi 36 km/h.

Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akaniinua, akaniangalia kama sijavunjika, afu akasema, "Pole sana ndugu yangu, ila ulilala mno." Hilo neno mno likabaki kichwani. Mno ni ngapi? Na ningelala kidogo zaidi, si ningepita salama? Nilitaka namba, sio maoni, na kuitafuta hiyo namba kumenifundisha vitu ambavyo naona watu wengi tunaoendesha hatuvijui, hata wale wenye miaka mingi barabarani.

Nikaanza na njia iliyoonekana rahisi. Simu ina programu ya pimamaji, ile ya kuangalia kama meza imekaa sawa, nikaifunga kwenye hendeli ikiwa imesimama wima, nikawasha kurekodi skrini. Kabla ya kuondoka nikaijaribu baiskeli ikiwa imesimama, nikailaza kwa mkono, simu ikaonyesha 10, 20, 30, vizuri kabisa. Nikaenda kwenye kona (nilishaifagia), nikapita, nikasimama kuangalia. Simu inasema digrii 1. Nikarudia, digrii 2, nikarudia tena kwa spidi kubwa kidogo, digrii 1. Nikaamini simu imeharibika, jioni mbili nzima nikawa nahangaika na mipangilio yake, kumbe simu ilikuwa inasema ukweli mtupu, mimi ndo nilikuwa nauliza swali lisilo lake.

Ngoja nieleze manake hapa ndipo jambo zima lilipo. Ukiwa kwenye kona, baiskeli inasukumwa na ardhi kwa namna mbili. Ya kwanza ni ardhi kuinua uzito wako na wa baiskeli, kwenda juu, ambayo ni ileile ya siku zote. Ya pili ni msuguano wa tairi kukuvuta kuelekea ndani ya kona, bila huo ungenyooka tu uende zako nje ya barabara. Hizo mbili ukiziunganisha zinakuwa kani moja iliyolala kuelekea ndani. Sasa hiyo kani inaanzia chini, pale tairi linapogusa lami, na ili usibinuke ni lazima mstari wake upite kwenye kitovu cha uzito wako, ambacho kwa mtu aliyekaa kwenye baiskeli kiko karibu na tumbo, kama mita 1 na kidogo kutoka chini. Ukipita pembeni ya hapo, kani inakuzungusha, ama unaangukia ndani ama unanyanyuliwa unarushwa nje. Kwa hiyo unalala mpaka mwili wako ulingane na huo mstari. Sio uamuzi, ni sharti.

Na simu je? Sensa ya simu haijui "chini" iko wapi kama sisi tunavyojua kwa kuangalia ukuta au nguzo. Inachohisi ni upande ambao inasukumwa. Na kwenye kona iliyotulia inasukumwa kufuata mstari uleule wa baiskeli, kwa hiyo kwa simu, baiskeli iko wima. Unaweza kuliona hili kwa macho, weka chupa inayoonyesha ndani, yenye maji nusu, kwenye kishikio cha chupa na mtu mwingine akurekodi ukipita kona, uso wa maji unalala pamoja na baiskeli, haubaki sambamba na barabara. Ndo maana pia ukiwa juu ya baiskeli huwezi kuhisi kama unaangukia upande, unahisi tu umekuwa mzito kidogo.

Kutoka kwenye hizo kani mbili hesabu inatoka yenyewe. Kani ya kwenda ndani ni uzito wa kilo zako mara spidi kipeo cha pili gawanya kwa nusukipenyo cha kona, ya kwenda juu ni kilo zako mara 9.81, ile namba ya mvutano wa dunia. Gawanya ya ndani kwa ya juu, kilo zinafutika, inabaki hii:

```
tan θ = v² / (g × r)
```

θ ni digrii unazolala kutoka wima, v ni spidi kwa mita kwa sekunde (chukua km/h gawanya kwa 3.6, wengi wanakosea hapa wanaingiza 36 moja kwa moja wanapata majibu ya ajabu), g ni 9.81, na r ni nusukipenyo kwa mita. Angalia hakuna uzito humo. Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 110, kona moja, spidi moja, njia moja, wanalala sawasawa. Hili nimebishana nalo na watu wengi, wanasema mzito anatupwa zaidi nje, ni kweli anatupwa kwa nguvu kubwa zaidi lakini pia anakandamiza chini kwa nguvu kubwa zaidi, kwa kiwango kilekile.

Spidi nilikuwa nayo, 36 km/h ni 10 m/s kamili. Nusukipenyo nilikuwa sina. Huwezi kwenda katikati ya duara la kona kupima, mara nyingi katikati ni shamba la mtu au ukuta, lakini kuna njia ya kamba ambayo mafundi wanaijua. Chukua kamba ya mita 20, ivute inyooke kutoka sehemu moja ya mstari unaopita mpaka sehemu nyingine ya mstari huohuo, afu katikati ya kamba pima umbali kutoka kwenye kamba mpaka kwenye mstari wa kona. Tulienda wawili alfajiri kukiwa hakuna magari, mimi nashika huku mwenzangu anashika kule, tukapata mita 2.68. Hesabu yake ni urefu wa kamba kipeo cha pili gawanya kwa mara 8 ya ule umbali, jumlisha nusu ya ule umbali, yaani 400 gawanya kwa 21.44, inakuja 18.66, jumlisha 1.34. Jibu mita 20.

Basi, 10 mara 10 ni 100, chini 9.81 mara 20 ni 196.2, gawanya unapata 0.51, na tanjenti ya 0.51 ukiirudisha kwenye kalkuleta ni digrii 27. Hiyo ndo mno yangu.

Kuna marekebisho madogo humo ambayo mtu makini atauliza. Nusukipenyo tulichopima ni cha njia ya tairi, lakini kitovu cha uzito kikilala digrii 27 kinaingia ndani kama nusu mita, kwa hiyo chenyewe kinazunguka duara dogo kidogo, la mita 19.5, na jibu linakuwa digrii 27.6. Kwenye kona pana haina maana yoyote. Kwenye kona ya kubana sana, mfano mita 5 kwa 18 km/h, hesabu ya haraka inasema 27 wakati ukiweka hilo inakaribia 30, kwa hiyo pale usilipuuze.

Nikarudi kwa simu, safari hii sikuiuliza digrii. Nilitumia programu inayoonyesha sensa inahisi mchapuko kiasi gani kwa jumla. Ukiwa umesimama inasoma 9.81. Kwenye kona, kwa sababu ile kani moja iliyolala ni ndefu kuliko uzito peke yake, inasoma zaidi, na uhusiano wake ni rahisi, 9.81 gawanya kwa ulichosoma ndo kosaini ya digrii unazolala. Nikapita kona ikiwa safi kwa 36 km/h, ile namba ikawa inarukaruka kwa sababu ya mtikisiko wa lami, lakini ukichukua wastani wa sekunde moja ya katikati ya kona ilikuwa karibu na 11.0. Hiyo ni digrii 27. Niliganda pale pembeni ya barabara naangalia skrini, kamba ya asubuhi na simu ya jioni vimesema kitu kimoja. Na ule uzito unaohisi mwilini ni huo, 11.0 dhidi ya 9.81, asilimia 12 zaidi, mtu wa kilo 70 tairi zake zinahisi kama kabeba 78 na nusu.

Sasa turudi kwa lile la "ulilala mno". Ningelala digrii 20 badala ya 27 kwa spidi ileile ingekuwaje? Nisingepita hiyo kona. Baiskeli ingenipeleka kwenye duara kubwa zaidi, yaani nje, upande wa magari yanayokuja. Mwenzangu aliona mlalo akadhani ndo chanzo, na mimi nilidhani hivohivo, lakini mlalo ulikuwa bili tu ya spidi na nusukipenyo nilivyoingia navyo. Kilichonishusha ni kwamba ile 0.51 ina maana nyingine. Kwenye barabara isiyoinamia upande wowote, tanjenti ya mlalo wako ndo kiasi cha msuguano unachoidai lami. Unalala 27, unadai 0.51. Lami kavu safi na tairi zuri inaweza kukupa 0.8 hivi, kwa hiyo siku zote nlikuwa napita na akiba ya kutosha bila kujua. Lami yenye vumbi au mchanga mwembamba tuseme inakupa 0.4, na 0.4 inaruhusu kulala digrii 22 tu hata uwe fundi namna gani. Kwa kona ya mita 20 hiyo ni spidi ya 32 km/h. Mimi nilikuja na 36. Tofauti ya kilometa 4 kwa saa, ambayo juu ya baiskeli huwezi hata kuihisi.

Hiyo 4 inauma kwa sababu spidi iko kwenye kipeo cha pili. Kona hiyohiyo ya mita 20, ukiwa na 20 km/h unalala 9 tu, unaona mchezo. 30 km/h unalala 19 na nusu. 40 km/h unalala 32. Sasa angalia msuguano unaodaiwa, kutoka 20 kwenda 40 spidi imezidi mara 2 lakini deni limetoka 0.16 likaenda 0.63, mara 4. Ndo maana kona inayokuhurumia leo kwa 32 inakutupa kesho kwa 36 na unabaki unajiuliza nini kimebadilika.

Na hakuna dalili kubwa ya kukuonya kabla. Tairi za baiskeli ni nyembamba, zikiachia lami ukiwa umelala zinaachia haraka, la mbele likitangulia ndo huna cha kufanya, la nyuma likitangulia wakati mwingine unaweza kuliokoa. Kitu kidogo nilichojifunza kusikiliza ni sauti, lami safi tairi linavuma sauti moja, ukisikia mchakacho mdogo kama karatasi inakwaruzwa ujue kuna punje chini, na hapo kama hujaingia kona bado una muda wa breki. Ukiwa tayari umelala, breki inadai msuguano kutoka kwenye akiba ileile. Kwenye lami safi ya 0.8 na wewe unatumia 0.51 bado imebaki ya kutosha, kwenye ile ya 0.4 hakuna kilichobaki, kwa hiyo ukigusa breki ya mbele kwa hofu unamalizia kazi. Nakiri niliigusa.

Wapo wanaosema suluhisho ni kusogeza mwili ndani ya kona ili baiskeli ibaki wima zaidi. Niliiamini hii kwa muda. Ukweli ni kwamba mstari unaohesabika ni wa kutoka tairi mpaka kitovu cha uzito, sio fremu. Ukitoa goti na kiwiko ndani, fremu inaweza kulala 23 wakati mstari bado ni 27, deni la msuguano ni lilelile 0.51. Faida yake halisi ni nyingine, pedeli. Pedeli ya ndani ikiwa chini iko kama sentimita 10 kutoka kwenye lami, na ncha yake iko kama sentimita 18 kutoka katikati ya baiskeli, fanya hesabu utaona fremu ikilala karibu digrii 29 pedeli inagusa chini, inainua tairi la nyuma, umeanguka kwenye lami safi kabisa. Kwa hiyo mguu wa ndani juu, wa nje chini umekandamizwa, kila mara. Na ukitaka kupiga picha ya kupima mlalo wako, usichore mstari kwenye fremu, chora kutoka tairi linapogusa mpaka usawa wa kitovu cha tumbo, na uwe na nguzo au kona ya nyumba kwenye picha ya kukuonyesha wima, manake kamera iliyoshikwa mkononi inaongopa digrii 3 au 4 bila shida.

Jambo lingine ambalo watu hawaamini mpaka wajaribu, huwezi kulala kwa kutaka tu kulala. Ili baiskeli ilale kushoto, kwanza hendeli inakwenda kulia kidogo sana, tairi zinatoka chini yako, unaanza kuangukia kushoto, ndipo hendeli inageukia kushoto kuushika huo mlalo. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye yeye na kaka... samahani, mdogo wake Orville walikuwa na duka la baiskeli, alishalichunguza hili, akaona waendeshaji aliowauliza karibu wote walidhani wanageuza tu hendeli upande wanaokwenda. Sukuma taratibu kwa kiganja upande wa kushoto wa hendeli ukiwa kwenye 25 km/h barabara nyoofu uone, baiskeli inalala kushoto. Hii inahusika na kona yangu kwa sababu kulala kunachukua muda na nafasi, ukichelewa kuanza unalazimika kugeuza kwa kubana, na kubana maana yake r imepungua.

Na r ndo silaha ambayo nlikuwa siitumii. Nlikuwa napita katikati ya upande wangu wa barabara, r ya mita 20 mwanzo mpaka mwisho. Upande wangu una mita 2 ninazoweza kuzitumia bila kuvuka mstari wa kati, ukingo wa ndani una nusukipenyo cha mita 19 na wa nje 21. Kona yenyewe ni ya digrii 90. Ukiingia ukiwa nje kabisa, ukagusa ndani katikati ya kona, ukaachia utoke nje tena, unachora duara kubwa kuliko kona. Nilikaa na karatasi, kwa kona ya digrii 90 inatoka kwamba nusukipenyo kinakuwa cha ndani jumlisha mara 3.4 ya upana ulio nao. 19 jumlisha 6.8, mita 25.8. Yaani mita 2 za upana zimekupa karibu mita 6 za nusukipenyo! Rudisha kwenye hesabu, 100 gawanya kwa 253, 0.395, digrii 21.6. Spidi ileile 36, kona ileile, mlalo umetoka 27 ukaja chini ya 22.

Linganisha hiyo 0.395 na ile 0.4 ya vumbi. Kwa makadirio yale, siku ile ningeweza kupita kwa 36 hivohivo, kwa akiba ya karibu sifuri, ambayo sio akiba. Kwa hiyo siiti kinga. Tena ina mtego wake, ukigusa ndani mapema sana kabla ya katikati, nusu ya pili ya kona inakubana, r inapungua ukiwa tayari umelala, na hapo mlalo unaodaiwa unapanda kwa ghafla. Karibu kila mtu ninayemuona akihangaika kwenye kona ile amegusa ndani mapema, kwa sababu jicho linavutwa na ukingo wa ndani. Mimi nimejiwekea alama, kuna kiraka cha lami nyeusi kwenye ukingo kilichopita katikati ya kona kidogo, sisogei ndani mpaka nikione.

Jumapili iliyopita nilipita tena na simu kwenye hendeli. Breki nilizimaliza kwenye mteremko, nikiwa bado wima, kimeta kikasoma 30, nikaingia kutoka nje, nikagusa ndani kwenye kiraka, nikaachia. Nilitegemea digrii 15 hivi, yaani sensa isome 10.2. Wastani ulikuja 10.3, ambayo inakaribia 18, kwa hiyo bado nabana mahali fulani, na nikicheza rekodi polepole naona ni pale mwanzo, nachelewa kuanza kulala kama nusu sekunde. Kamba bado iko kwenye begi, wiki ijayo tunaenda kupima njia niliyopita kweli, sio niliyoichora.